Umehama benki: namba mpya ya akaunti umpe mteja kwa SMS, barua, simu au Lipa Namba?

Siku unayowatangazia wateja kwamba umebadilisha akaunti ndiyo siku tapeli aliyokuwa anaisubiri. Kila mwenye laini ya simu nchini ameshapata ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Wengi huufuta bila kufikiri, kwa sababu hawana hela yoyote waliyotaka kuituma. Mteja wako anayo. Anadaiwa, tarehe ya kulipa imekaribia, na wewe mwenyewe umeshamwambia kwamba namba inabadilika. Ujumbe wa tapeli ukimfikia siku mbili baada ya wako, haumshtui hata kidogo.

Kwa hiyo njia ya kutangaza si jambo la urahisi peke yake. Nitalinganisha njia nne ambazo wafanyabiashara wa huku kwetu hutumia, kwa mfano wa kiwanda kidogo cha kukamua alizeti kilichopo Kizota, Dodoma. Tuseme kinahama benki moja kwenda nyingine na kina wateja wa aina tatu: maduka ya rejareja ya mjini yanayolipa kwa simu, wauzaji wa jumla wa Kibaigwa na Manyoni wanaoweka hela benki au kwa wakala, na taasisi mbili, shule ya bweni na msambazaji wa Dar es Salaam, ambazo wahasibu wao hulipa mamilioni kwa mkupuo.

Kila njia naipima kwa maswali mawili tu. Je, tapeli anaweza kutoa kitu kinachofanana na hiki? Na je, mteja anaweza kukihakiki kwa kutumia kitu alichokuwa nacho kabla tangazo halijamfikia? Swali la pili ndilo lenye uzito. Karibu kila kitu kinaweza kughushiwa, lakini tapeli hawezi kurudi nyuma na kubadilisha namba ya simu ambayo mteja aliihifadhi mwaka juzi.

| Njia | Kughushi | Mteja anahakiki kwa kitu gani? | Inafaa kwa |
|---|---|---|---|
| SMS au WhatsApp kwa wote | Rahisi sana | Hana cha kushika | Tahadhari tu, bila namba |
| Baruapepe yenye PDF | Rahisi | Kupiga simu ofisini | Taasisi, ikiwa nakala tu |
| Barua ya karatasi mkononi | Inahitaji mtu afike | Mleta barua, kisha simu | Wauzaji wa jumla, taasisi |
| Lipa Namba | Stika hubandikwa juu | Jina kwenye skrini | Maduka ya rejareja |

SMS na WhatsApp

Hii ndiyo njia ya kwanza inayomjia kila mtu kichwani: andika mara moja, tuma kwa wote, biashara imekwisha. Mimi naipa kazi moja tu, kupiga mbiu, na namba yenyewe ya akaunti isiwemo ndani yake hata kidogo.

Sababu ni kwamba mteja akishazoea kupokea namba ya akaunti kwa SMS, umemfundisha kupokea na ya tapeli. WhatsApp ina mtego wake. Picha ya wasifu na jina la biashara vinanakiliwa kwa dakika moja. Mteja makini ataona kwamba ujumbe umefungua mazungumzo mapya yasiyo na historia, na hiyo ni dalili nzuri. Lakini usiitegemee. Mtu akimrubuni karani wako amtajie zile tarakimu sita za uthibitisho, anaichukua WhatsApp yako yenyewe na kuandika kutoka namba yako halisi. Nao ujumbe wa jumla unaokuja na jina badala ya namba ya simu hauwezi kupigiwa, kwa hiyo mteja mwenye shaka hana pa kuanzia.

Kiwanda chetu kitume kitu kama hiki, wiki mbili kabla namba mpya haijatoka:

"Ndugu mteja, mwezi ujao tunabadilisha akaunti ya benki. Namba mpya HAITAKUJA kwa SMS, WhatsApp wala kwa kupigiwa simu. Italetwa kwa barua na gari letu la mzigo. Akaunti ya zamani inaendelea kupokea malipo kwa miezi 3. Ukiwa na swali piga namba yetu unayoitumia siku zote."

Angalia kilichoachwa. Hakuna namba ya akaunti, hakuna kiungo cha kubofya, na hakuna namba ya simu. Watu hunibishia hapo: mteja atapigaje kama hatujaweka namba? Jibu ni kwamba mteja asiye na namba yako mahali popote huyo ni mteja wa kumtembelea. Ukiweka namba kwenye tangazo, tapeli naye ataweka yake kwenye la kwake, na mteja "atahakiki" kwa kumpigia mwizi.

Ile miezi mitatu nayo ina kazi. Silaha ya tapeli ni haraka: akaunti ya zamani imefungwa, lipa leo, la sivyo mzigo hautoki. Ukishawaambia wateja mapema kwamba ya zamani iko hai, ujumbe wowote wa haraka unajianika wenyewe. Gharama yake ni makato ya akaunti ya pili kwa miezi michache.

Baruapepe yenye PDF

Wahasibu wa taasisi huipenda, kwa sababu inaingia kwenye faili vizuri. Udhaifu wake ni kwamba PDF yenye kichwa cha kampuni, mhuri na saini ni picha tu. Mwenye ankara yako moja ya zamani ana nembo yako, mhuri wako na saini yako. Kutaja tarakimu nne za mwisho za akaunti ya zamani "ili mteja ajue ni sisi" hakusaidii kwa sababu hiyohiyo: zimeandikwa kwenye ankara.

Wizi wa aina hii huanza kimyakimya. Mtu anapata nywila ya baruapepe ya ofisi, haharibu chochote, anasoma tu. Anajua nani anadaiwa kiasi gani na lini atalipa. Kisha anaandika kutoka anwani inayofanana na yako. Weka hizi mbili moja juu ya nyingine:

```
malipo@mfano.co.tz
malipo@rnfano.co.tz
```

Ya pili haina herufi m baada ya alama ya @. Ina r na n zilizokaa pamoja, na kwenye skrini ya simu macho huipita bila kusita. Wakati mwingine haandiki hata kutoka anwani ya bandia, anaandika kutoka kwenye sanduku lako lenyewe na kuweka kanuni inayoficha majibu ya mteja usiyaone. Kabla ya kutangaza chochote, fungua mipangilio ya baruapepe ya ofisi. Kwa wanaotumia Gmail, angalia sehemu mbili: `Forwarding and POP/IMAP`, na `Filters and Blocked Addresses`. Ukikuta barua zinapelekwa kwenye anwani usiyoijua, au kuna kichujio kinachofuta kila ujumbe wenye jina la benki au la mteja, usitangaze kwanza. Badilisha nywila, washa uthibitisho wa hatua mbili, na usubiri.

Kwa shule na kwa msambazaji wa Dar es Salaam, baruapepe ibaki kuwa nakala ya barua ya karatasi.

Barua ya karatasi, na nani anaipeleka

Hapa ndipo ninapopendekeza kiwanda kiweke nguvu zake. Barua ina sifa moja ambayo simu haina: tapeli wa mbali akitaka kuighushi lazima mtu asimame kaunta na sura yake ionekane. Nayo gharama ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu Kenta inakwenda Kibaigwa na Manyoni hata bila barua. Dereva anampa mteja bahasha iliyofungwa pamoja na hati ya kupokelea mzigo, mteja anasaini nakala, nakala inarudi Kizota.

Kabla ya kuandika barua yenyewe, tazama jina la akaunti. Biashara nyingi za kwetu zimesajiliwa BRELA kwa jina moja, lakini hela zinaingia kwenye akaunti binafsi ya mwenye mali, au ya mkewe. Ukibadilisha benki katika hali hiyo, mteja hana namna ya kutofautisha jina la mkeo na la mwizi. Fungua akaunti mpya kwa jina lilelile lililopo kwenye risiti zako za EFD. Benki itadai cheti cha usajili, TIN na leseni ya biashara, ambavyo tapeli atapata shida kuvitoa kwa jina lako. Kisha barua inaweza kusema sentensi moja yenye nguvu: namba imebadilika, jina halijabadilika.

Jina nalo lina mpaka wake. Mtu anaweza kusajili jina linalokaribiana na lako, likatofautiana kwa neno la mwisho tu. Na anayejaza fomu ya kaunta asidhani kwamba jina aliloandika litakamata namba yenye kosa. Aichukulie kwamba namba ndiyo inayoamua hela iende wapi. Apu nyingi za benki huonyesha jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha, na hapo mteja asome jina zima, herufi kwa herufi. Kwa hiyo andika kwenye barua jina la akaunti kama linavyoonekana kwenye skrini ya benki, na si kama unavyoliandika kwenye ubao wa duka.

Barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja. Itaje jina la akaunti, namba, benki na tawi, tarehe ya kuanza kutumika na tarehe ambayo ya zamani itafungwa. Halafu aya hii, ambayo wengi huisahau:

"Hatutatuma marekebisho ya namba hii kwa njia yoyote. Ikiwa tumekosea, mtu wetu atakuja kuichukua barua hii na kukupa nyingine."

Nimeisisitiza kwa sababu mbinu inayokuja mara tu baada ya tangazo halali ni ile ya kujifanya kusahihisha: "Samahani, kwenye barua ya jana tarakimu ilikosewa, tumia hii." Mteja anaona ni jambo la kawaida, kwa kuwa makosa ya chapa yapo.

Na dereva je? Ni swali la haki. Barua inaweza kubadilishwa njiani, na yule anayeijua ratiba ya wateja wako kuliko wote yuko ndani ya kampuni. Ndiyo maana barua peke yake haitoshi.

Simu, lakini nani ampigie nani

Simu ni njia dhaifu ya kupeleka namba na njia imara ya kuihakiki. Tofauti iko kwenye upande unaoanza. Ukimpigia mteja na kumsomea akaunti mpya, hajui kama ni wewe, na pengine ataandika saba badala ya tisa. Mteja akikupigia kwa namba aliyokuwa nayo zamani, anajua amefika wapi.

Namba hiyo aipate wapi kama hakuihifadhi? Kwenye risiti ya EFD aliyopewa miezi iliyopita. Juu ya risiti kuna jina la biashara, mstari wa `MOBILE`, na `TIN`. Akitaka kuwa na uhakika kwamba risiti si ya kuchonga, aingize namba ya uhakiki iliyopo chini yake kwenye `verify.tra.go.tz`, aone kama TRA wanaitambua. Hakikisha tu kwamba namba iliyo kwenye mashine yako bado inapokelewa. Wapo waliobadilisha laini na mashine ikabaki na ile ya zamani.

Kwa mteja wa Manyoni mazungumzo yanakuwa hivi:

"Shikamoo mama, ni mimi wa dukani Manyoni. Bahasha yenu nimeipata."

"Marahaba baba. Nisomee namba ya akaunti iliyoandikwa humo, polepole."

Mteja anasoma, karani anafuata kwa kidole kwenye nakala yake, mwishoni anasema ndiyo au hapana. Karani asisome yeye. Akisoma yeye, mteja aliyechoka ataitikia "ndiyo, ndiyo" hata kama karatasi yake ina namba nyingine. Ikisomwa namba isiyolingana, basi bahasha ilichezewa njiani, na umelijua kabla hela haijatoka.

Baada ya hapo linakuja jaribio ambalo naliamini kuliko mhuri wowote. Mteja atume kiasi kidogo, kisicho cha mviringo, tuseme 10,350, na asimwambie mtu ni kiasi gani. Kisha apige namba ileile ya zamani na kuuliza: "Mmepokea shilingi ngapi leo kutoka kwangu?" Karani akifungua taarifa ya akaunti mpya na kujibu "elfu kumi mia tatu hamsini", mteja amejua kwamba anayepokea simu ndiye anayeiona akaunti. Jaribio hili linaharibika hasa kwa namna moja: mteja akipiga namba aliyoletewa pamoja na tangazo, kwa sababu tapeli naye anaiona akaunti yake. Zile 10,350 zinakatwa kwenye ankara inayofuata.

Kwa taasisi ongeza hatua moja. Malipo makubwa kati ya benki na benki hupita TISS, mfumo wa Benki Kuu, na malipo yakishakamilika humo hayarudishwi kwa sababu tu mlipaji amegundua kosa. Kwa hiyo mwombe mhasibu wa shule asibadilishe kumbukumbu zake kwa saini ya mtu mmoja: mmoja aingize namba, mwingine apige simu na kuidhinisha. Mpe pia barua ya benki inayothibitisha akaunti, na umwambie aihakiki kwa kulipigia tawi kwa namba aliyoitafuta mwenyewe. Wengine wataona unawasumbua. Ofisi nyingi za serikali na kampuni kubwa zitakudai hayo hata usipoyasema.

Lipa Namba: kuepuka swali lenyewe

Kwa maduka ya rejareja ya Majengo au Sabasaba yanayolipa laki moja, laki mbili, naona haina haja kuwapa akaunti kabisa. Lipa Namba ya kampuni ya simu ikishafunguliwa kwa jina la biashara, hela inaingia humo na wewe unaihamishia benki unayoitaka. Ukihama benki, mteja hajui wala hahitaji kujua. Jina la biashara linatokea kwenye skrini kabla hajaweka namba ya siri.

Ina makato, na ina kikomo cha kiasi, kwa hiyo haimfai msambazaji wa Dar es Salaam. Hatari yake kubwa ni ya mkono: mtu anapita na stika yake na kuibandika juu ya yako. Anayefungua duka asubuhi apitishe kidole kwenye kingo za stika, akiona imekuwa nene aibandue. Ikiwa Lipa Namba yako ilifunguliwa na benki na si na kampuni ya simu, uliza kwanza kama itaendelea kufanya kazi ukihama.

Basi kiwanda kichague nini

Maduka ya mjini yapewe Lipa Namba. Wauzaji wa jumla wapelekewe barua na gari, wasome namba kwa simu, watume kiasi cha majaribio. Taasisi zipate barua, nakala ya baruapepe, uthibitisho wa benki na jaribio lilelile. SMS iwatangulie wote bila namba.

Kama huna gari na wateja wako wametapakaa hadi Kondoa na Singida, usirudi kwenye WhatsApp kwa kukata tamaa. Tuma bahasha kwa basi au kwa posta, na uweke uzito wote kwenye simu na kiasi cha majaribio. Hatua hizo mbili hazijali bahasha ilipita mikono ya nani.

Fungua daftari lenye safu nne: jina la mteja, tarehe aliyosaini barua, tarehe aliyosoma namba, na tarehe ya malipo ya kwanza kwenye akaunti mpya. Mteja aliyesaini na kusoma, kisha tarehe yake ya kulipa ikapita bila hela kuonekana kwenye akaunti yoyote kati ya mbili, mpigie siku hiyohiyo. Usingoje mwisho wa mwezi. Pengine amechelewa tu. Lakini kama atakuambia "mbona nimeshalipa juzi", muulize alilipa namba gani, na mwambie apige benki yake papo hapo aombe hela izuiwe, kisha aende polisi na risiti ya malipo. Saa chache ndizo zinazoamua, kwa kuwa tapeli huitoa hela kwa mawakala haraka. Namba ya simu iliyotuma ujumbe wa uongo iripotiwe kwenda 15040. Wateja wengine nao wapigiwe simu jioni hiyo, kwa sababu mwenye orodha ya mteja mmoja mara nyingi anayo ya wote.

Akaunti ya zamani ifungwe pale tu safu ya nne itakapojaa.